Alama ya Kukatia Huzaliwa na Viti: Mhadhara kwa Walimu Wakuu na Kamati za Shule, Mbeya

Ndugu walimu wakuu, wenyeviti wa kamati za shule, wazazi wenzangu, shikamooni kwa wakubwa zangu, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie jambo linalotuletea wazazi mlangoni kila matokeo ya darasa la saba yanapotoka. Mzazi anashika karatasi, anasema: mwanangu ana 215, wa jirani ana 216, mmoja amechaguliwa bweni na mwingine hakuchaguliwa. Kwa nini? Na sisi mara nyingi tunamjibu kwamba "alama hazikutosha". Jibu hilo limekaa vibaya, na leo nataka tuone kwa nini.

Tuanze na kutenganisha kufaulu na kuchaguliwa. Kufaulu ni kazi ya Baraza la Mitihani. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Mtoto akifikia 121 yuko daraja C, amefaulu, na mpaka huo hautazami kama kuna madawati. Kuchagua ni kazi ya TAMISEMI pamoja na mikoa na halmashauri, na hapo ndipo madawati yanapohesabiwa. Alama ya kukatia haiandikwi mahali popote kabla ya kazi kuanza. Inapatikana mwishoni, viti vikishajaa.

Mnakumbuka mtihani wa mwaka 2018. Waliofaulu nchi nzima walizidi laki 7, na zaidi ya laki 1.3 kati yao hawakupata nafasi katika chaguo la kwanza kwa sababu vyumba vya madarasa havikutosha. Watoto wale hawakupungukiwa kitu katika mtihani. Vilipungua vyumba.

Sasa tuifanye kazi yenyewe. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya somo. Tuseme shule ya ufundi ya wavulana, ya aina ya Iyunga hapa kwetu au Ifunda kule Iringa, imetengewa nafasi 50 kwa ajili ya halmashauri yetu, na wavulana wanaoshindania ni 400. Unapanga majina kuanzia jumla ya juu kwenda chini. Unahesabu hadi mtu wa 50. Jumla aliyonayo mtu huyo ndiyo alama ya kukatia. Ukiwa na kompyuta, na jumla ziko kwenye safu B, unaandika hivi:

```
=LARGE(B2:B401,50)
=COUNTIF(B2:B401,">="&LARGE(B2:B401,50))
```

Mstari wa kwanza unakupa alama ya kukatia. Katika mfano wetu ni 216. Mstari wa pili wengi hawauandiki, na mimi nauona ndio muhimu zaidi, kwa sababu unakuambia ni watoto wangapi wana 216 au zaidi. Hapa unatoa 53. Viti ni 50. Maana yake kuna waliofungana. Ukitazama orodha, watoto 48 wana 217 kwenda juu, halafu watano wamefungana kwenye 216, na viti vilivyobaki ni viwili.

Hapo unaweza kusimama kwenye 217 na kuacha vitanda viwili wazi. Unaweza kuwachukua wote watano na kumwomba mkuu wa shule aongeze vitanda vitatu. Au unaweza kuwatenganisha wale watano kwa kanuni. Kosa ninaloliona ni kutofanya lolote kati ya hayo. Karani anapanga jumla, anahesabu mistari 50, anapiga mstari. Kompyuta ikikuta jumla zinazolingana huwaacha watoto katika mpangilio waliokuwa nao mwanzo. Kama majina yaliingizwa kwa alfabeti, Abeli anaingia na Zakaria anabaki nyumbani, na hakuna mtu aliyeamua hivyo. Namna ya kuligundua ni rahisi: tazama mtoto wa 50 na wa 51. Kama jumla zao ni sawa, uliza walitenganishwa kwa nini. Asiyekuwa na jibu, hakuwa na kanuni.

Kanuni iwekwe kabla ya kufungua orodha, na ilingane na shule. Kwa shule ya ufundi, kuangalia Hisabati kwanza kunaeleweka. Wale watano wana Hisabati 38, 36, 36, 33 na 29. Mwenye 38 anapata kiti. Wawili wenye 36 wamefungana tena, kwa hiyo tunakwenda Sayansi na Teknolojia: mmoja ana 41, mwingine 39. Mwenye 41 anachukua kiti cha mwisho. Yule mwenye Hisabati 29 huenda ndiye bora kwa Kiswahili kuliko wote, na kwa shule nyingine kanuni hii ingemwonea. Ndiyo maana siikubali kanuni moja kwa shule zote.

Tukae kidogo hapo kwenye alama moja. Mtihani una maswali mengi ya kuchagua jibu, A mpaka E, na swali moja la namna hiyo ni alama moja. Mtoto asiyejua kitu akibahatisha ana nafasi moja kati ya tano ya kupatia. Kwa hiyo wa 216 na wa 215 wanaweza kuwa wametengana kwa kivuli kimoja cha penseli. Orodha inatupa utaratibu wa kugawa viti vichache bila kupendelea mtu, na kwa hilo naiheshimu. Lakini karibu na mstari haina uwezo wa kusema nani anajua zaidi. Tusiisemee.

Alama hiyo pia inahama bila watoto kubadilika. Shule ile ikijengewa bweni na nafasi zikawa 100, mstari unashuka, tuseme hadi 203. Mtoto mwenye 204 aliyeachwa mwaka jana angechaguliwa mwaka huu. Viti vikibaki palepale na watoto wakaongezeka, mstari unapanda. Walioingia darasa la kwanza mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, walifika darasa la saba mwaka 2022, na watahiniwa wakazidi milioni 1.3. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayewaambia wanafunzi wa Uyole kwamba "bweni ni 216" anawapa namba ya mwaka uliopita, wa viti vingine na wenzao wengine.

Na nafasi zikigawanywa kwa halmashauri, kila halmashauri inakuwa na orodha yake na mstari wake. Mtoto wa Makete anaweza kuingia kwa jumla ambayo mtoto wa jijini Mbeya angeachwa nayo. Wazazi wa mjini hulalamika. Mimi nautetea mgawo, maana shule yenye walimu watatu kwa madarasa saba haikuwapa watoto wake mtihani uleule tuliowapa wetu, hata kama karatasi ilikuwa moja.

Limebaki la wasioripoti. Kati ya wale 50, wengine huenda seminari au shule binafsi. Tuseme hawaripoti sita. Viti sita vinakaa wazi wakati wa 51 hadi wa 56 wapo, na kanuni yetu imeshawapanga: watatu wa kwanza ni wale wa 216 waliobaki. Orodha ya akiba iandaliwe siku ileile ya uchaguzi, kwa kanuni ileile, na iwe na tarehe ya mwisho ya kuripoti. Ikiandaliwa Februari, baada ya viti kuonekana wazi, kila mwenye simu ya mkubwa atakuwa ameshapiga.

Naomba basi kila kamati iliyopo hapa ikabandike ubaoni, chini ya majina, nafasi zilikuwa ngapi, jumla ya mtoto wa mwisho aliyechaguliwa, wangapi walifungana naye, na kanuni iliyowatenganisha. Karibuni kwa maswali, tuanze na safu ya nyuma.