Kodi imepanda asilimia ngapi? Gawa kwa kodi ya zamani

Assalaamu alaykum watazamaji. Leo tunakaa na hesabu moja tu: kodi ya nyumba ikipanda, tunajuaje imepanda kwa asilimia ngapi? Chukua kalamu na karatasi, na simu iweke karibu, tutahitaji kalkuleta.

Karatasi hii unayoiona ni mkataba wa dada yangu. Amepanga nyumba ya vyumba viwili Mpendae, hapa Unguja. Mwaka jana alikuwa akilipa shilingi 180,000 kwa mwezi. Mkataba ulipokaribia kwisha, mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima wa mtaa huohuo, akaja akamwambia: "Mwanangu, vitu vyote vimepanda bei. Kuanzia mwezi ujao utanipa 225,000. Nimeongeza asilimia 20 tu, kama tulivyoandikiana."

Na kweli, tazama hapa chini kwenye kidole changu. Mkataba wao unasema kodi haitaongezwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Dada akapiga hesabu usiku ule, akapata 25. Mwenye nyumba kashika 20, mpangaji kashika 25, na kila mmoja anaamini mwenzake anamdhulumu. Wote wawili walitumia kalkuleta, na kalkuleta hazikukosea. Sasa twende taratibu tuone kosa limetokea wapi.

Hatua ya kwanza, andika kodi mbili kwa mpangilio huu: ya zamani juu, mpya chini. Usiziandike kiholela, kwa sababu hapa mbele kujua ipi ni ya zamani ndiko kutakokuokoa. Juu 180,000, chini 225,000.

Hatua ya pili, tafuta kilichoongezeka. 225,000 toa 180,000, inabaki 45,000. Mpaka hapa dada na mwenye nyumba wanakubaliana. Nyongeza ni 45,000, hakuna anayebisha.

Hatua ya tatu ndipo walipoachana. Ile 45,000 unaigawa kwa ngapi? Dada aligawa kwa 180,000, akapata 0.25. Mwenye nyumba alifanyiwa hesabu na mwanawe, na kijana akagawa kwa 225,000, akapata 0.20. Ukizidisha kwa 100, ya dada inatoka 25 na ya kijana inatoka 20.

Aliye sawa ni dada. Unapogawa, unajiuliza: hii nyongeza ni kiasi gani ukiipima na kile nilichokuwa nikilipa? Nyongeza imeanzia kwenye 180,000. Hiyo 225,000 tayari ina nyongeza ndani yake, na ukigawa kwayo unaipima nyongeza kwa kitu ambacho nyongeza yenyewe imeshakinenepesha. Ndiyo maana kodi ikipanda, anayegawa kwa kodi mpya siku zote anapata asilimia ndogo kuliko ilivyo. Ukisikia asilimia inayokupa shaka, kwanza jaribu kugawa kwa kodi mpya. Ikitoka namba ileile uliyotajiwa, basi umeshajua kosa liko wapi, na mara nyingi halina nia mbaya.

Hii hapa hesabu nzima kwa mstari mmoja:

```
(225000 - 180000) ÷ 180000 × 100 = 25
```

Hapo kwenye mabano naomba utulie kidogo. Ukiibonyeza kwenye kalkuleta ya simu bila mabano, simu nyingi zinagawa na kuzidisha kabla ya kutoa. Zitakupa 224,900, namba isiyo na maana yoyote hapa. Kalkuleta yako ikiwa haina mabano, toa kwanza, bonyeza alama ya sawasawa, ndipo ugawe. Na ile alama ya asilimia kwenye kalkuleta mimi siitumii kabisa, maana haifanyi kazi namna moja kwenye simu zote.

Kuna njia fupi ambayo mimi binafsi naipenda zaidi. Gawa kodi mpya kwa ya zamani moja kwa moja:

```
225000 ÷ 180000 = 1.25
```

Ile 1 ni kodi yako ya zamani yote nzima. Kinachozidi baada ya 1, yaani 0.25, ndiyo nyongeza: asilimia 25. Njia hii haina mabano na haina kutoa, kwa hiyo mahali pa kukosea ni pachache.

Sasa hakiki, usiridhike na jibu la kwanza. Kuhakiki ni kurudi kwa njia ya nyuma: chukua kodi ya zamani, itie asilimia uliyoipata, uone kama utafika kwenye kodi mpya. Tujaribu ile 20 ya kijana. 180,000 zidisha kwa 20, gawa kwa 100, unapata 36,000. Jumlisha na 180,000, inakuwa 216,000. Hatukufika 225,000, kwa hiyo 20 si jibu. Jaribu 25: inatoka 45,000, jumla 225,000. Imefika.

Na tazama, katika kuhakiki tumepata kitu kikubwa. Mkataba unaruhusu mwisho asilimia 20, na asilimia 20 ya kweli inaishia 216,000. Tofauti yake na 225,000 ni 9,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni 108,000. Hizo ni nusu kamili ya kodi ya mwezi mmoja ya 216,000.

Tulikwenda kwa yule mama tukiwa na karatasi hii, tukakaa barazani, dada akaandika hesabu mbele yake polepole kama ninavyokuandikia wewe. Mwanawe akaitwa, akaangalia, akasema, "Mama, mimi niligawa kwa ile mpya." Yule mama akakubali 216,000. Lakini akaongeza neno: "Basi maji utalipa mwenyewe."

Hapa ndipo panapowaponyoka watu wengi. Mwaka jana ile 180,000 ilikuwa na maji ndani yake. Maji ya nyumba ile, kwa risiti alizotuonesha mwenyewe, yalikuwa karibu 9,000 kwa mwezi. Kwa hiyo ukilinganisha 216,000 na 180,000 utasema kodi imepanda asilimia 20, lakini unalinganisha nyumba bila maji na nyumba yenye maji. Kwanza zifanye zifanane. Mwaka huu kodi 216,000 jumlisha maji 9,000, ni 225,000. Gawa kwa 180,000, unarudi palepale kwenye 1.25. Asilimia 25 imeingia kwa mlango mwengine.

Dada akamwonesha hilo kwa adabu, akamwambia, "Bibi, mkataba wetu unasema kodi pamoja na maji." Yule mama akanyamaza, kisha akasema sawa, maji yabaki ndani. Kwa hiyo kabla ya kugawa chochote jiulize: kodi ya zamani ilikuwa na nini ndani yake? Maji, umeme, mlinzi, usafi? Na mpya ina nini? Kilichotolewa, kirudishe kwenye hesabu kwa bei yake, ndipo ugawe.

Jambo hilohilo linatokea kwenye miezi. Mwaka jana dada alilipa miezi sita kwa mpigo, 1,080,000. Mwaka huu wamekubaliana alipe mwaka mzima, 2,592,000. Mumewe alipoiona namba hiyo alishtuka, maana ukigawa 2,592,000 kwa 1,080,000 unapata 2.4, yaani kodi imepanda asilimia 140! Haikupanda hivyo. Umegawa fedha za miezi 12 kwa fedha za miezi sita. Zirudishe zote kwenye mwezi mmoja kwanza: 1,080,000 gawa kwa 6 ni 180,000, na 2,592,000 gawa kwa 12 ni 216,000. Sasa gawanya, unapata 1.2. Ni asilimia 20, kama walivyokubaliana. Kutafuta fedha za mwaka mzima kwa mara moja ni mzigo, sibishi, lakini mzigo huo si kupanda kwa kodi, na ni vizuri uujadili peke yake.

Sasa tuangalie mwakani. Tuseme mwenye nyumba anapandisha tena asilimia 20, kama mkataba unavyomruhusu. Wengi watasema, mwaka huu 20, mwakani 20, jumla 40. Piga hesabu uone. Mwakani kodi ya zamani si 180,000 tena, ni 216,000. Asilimia 20 yake ni 43,200, si 36,000. Kodi inakuwa 259,200. Gawa kwa ile 180,000 ya mwanzo:

```
259200 ÷ 180000 = 1.44
```

Kwa miaka miwili imepanda asilimia 44. Ile 4 ya ziada ni nyongeza ya mwakani iliyokaa juu ya nyongeza ya mwaka huu. Kwa hiyo asilimia za miaka tofauti usizijumlishe. Chukua kodi ya mwisho, gawa kwa kodi ya mwanzo kabisa, basi.

Na kodi ikishuka? Hesabu ni ileile, wala usibadilishe kitu. Tuseme dada anahama na mpangaji anayefuata anaipunguza kwa maneno matamu kutoka 216,000 mpaka 180,000. Safari hii ya zamani ni 216,000, hata kama ndiyo kubwa. 180,000 gawa kwa 216,000, unapata 0.8333. Imepungua chini ya 1, kwa hiyo kodi imeshuka. Toa kwenye 1, inabaki 0.1667, yaani imeshuka karibu asilimia 16.7. Ilipopanda ilikuwa 20, iliposhuka ni 16.7, na shilingi ni zilezile 36,000. Hakuna kosa. Kupanda tulikupima kwa 180,000, kushuka tumekupima kwa 216,000.

Sasa fanya hii mwenyewe, simamisha video ukihitaji. Mlango wa duka Wete, Pemba. Mwaka jana ulilipiwa miezi mitatu kwa 360,000, na umeme ulikuwa ndani. Mwaka huu mwenye duka anataka 130,000 kwa mwezi, na umeme, kama 14,000 kwa mwezi, unalipa wewe. Imepanda kwa asilimia ngapi?

Umepata? 360,000 gawa kwa 3 ni 120,000 kwa mwezi. Mwaka huu 130,000 na 14,000 ni 144,000. Gawa 144,000 kwa 120,000, ni 1.2. Asilimia 20. Aliyepata 8.3 amesahau umeme. Aliyepata 16.7 amegawa kwa mpya.