Chumvi Moja, Watumiaji Laki Moja

Salma: Karibuni tena kipindini. Niko na kaka Daudi, na leo tunazungumzia chumvi za nywila, zile baiti za nasibu zinazochanganywa na nywila kabla ya kuihifadhi: zinavyotengenezwa, na namna zinavyoharibika bila mtu kujua.

Daudi: Asante dada Salma. Na hilo la "bila mtu kujua" ndilo linalonifanya niichukie kasoro hii. Chumvi ikiwa mbovu, mfumo haulalamiki. Watumiaji wanaingia kama kawaida, majaribio yote yanapita, kumbukumbu za seva ni safi. Kasoro inaonekana siku kanzidata imeshaibiwa.

Salma: Tuanze na mwizi basi. Amepata jedwali la watumiaji, halina nywila zenyewe, lina heshi tu, yaani alama zilizokokotolewa kutoka kwenye nywila na zisizoweza kurudishwa nyuma. Anafanya nini?

Daudi: Anakisia. Ana orodha ya nywila zinazopendwa na watu, tuseme milioni moja. Anachukua ya kwanza, anaipiga heshi, anatazama kama tokeo lipo kwenye jedwali. Anakwenda ya pili, ya tatu, mpaka mwisho. Kama hakuna chumvi, kila heshi anayoipiga anailinganisha na watumiaji wote kwa mpigo mmoja. Wawe laki moja au milioni kumi, kazi yake ni ile ile: heshi milioni moja.

Salma: Na watu wawili wenye nywila moja wanaonekana hapo hapo.

Daudi: Wanaonekana hata kabla hajaanza kukisia. Heshi zao zinafanana herufi kwa herufi. LinkedIn waliibiwa mwaka 2012, heshi milioni 6.5 zikamwagwa mtandaoni, ni heshi za aina ya SHA-1, tupu bila chumvi. Nyingi zilivunjwa upesi sana.

Salma: Sasa tia chumvi.

Daudi: Kila mtumiaji anapewa baiti zake za nasibu, zinachanganywa na nywila kabla ya kupiga heshi, kisha chumvi inahifadhiwa pembeni ya heshi, waziwazi. Sasa mwizi akipiga heshi ya "123456", lazima aseme ni kwa chumvi ya nani. Akiimaliza orodha kwa mtumiaji mmoja, anaanza upya kwa mwingine. Watumiaji laki moja mara nywila milioni moja, ni heshi bilioni 100.

Salma: Subiri, umesema waziwazi. Watu wengi wanadhani chumvi ni siri.

Daudi: Si siri. Mwizi akiiba jedwali, anaiba na chumvi. Kazi ya chumvi ni kumzuia mwizi asivune wengi kwa jasho moja. Ndiyo maana swali la kuuliza kuhusu chumvi ni hili: inajirudia? Na je, mtu angeweza kuijua kabla ya wizi, akaandaa majedwali yake mapema?

Salma: Twende kwenye urefu. Chumvi fupi ina ubaya gani, maadamu ipo?

Daudi: Unix ya zamani ni mfano mzuri. Robert Morris na Ken Thompson walieleza mfumo wao mwaka 1979, chumvi ilikuwa ya biti 12. Biti 12 zinatoa chumvi 4,096 tofauti, basi. Kwa mashine za wakati ule, zenye watumiaji wachache, ilikuwa hatua kubwa. Sasa rudi kwa watumiaji wetu laki moja. Gawanya kwa 4,096: kila chumvi inaangukia watu kama 24 hivi. Mwizi hapigi tena heshi bilioni 100, anapiga 4,096 mara milioni moja, yaani bilioni nne na ushee.

Salma: Kazi imepungua mara 24.

Daudi: Na hata watumiaji wakifika milioni kumi, haiongezeki. Imegota pale. Baya zaidi, chumvi 4,096 unaweza kuziandalia majedwali ukiwa umekaa nyumbani, kabla hujaiba chochote.

Salma: Mtu atasema, mimi nimeweka biti 32, ziko bilioni nne na zaidi, zinatosha.

Daudi: Hesabu ya kujirudia inadanganya macho. Kwa biti 32, ukifikisha akaunti kama 77,000 tu, uwezekano wa angalau chumvi mbili kugongana ni nusu kwa nusu. Sasa, tuwe waadilifu: watu wawili kushirikiana chumvi si maafa. Mwizi ameokoa kazi ya mtu mmoja. Lakini baiti 16 hazigharimu kitu, na ukizitumia huna haja ya kupiga hesabu hizi tena. Ingekubidi uwe na akaunti mabilioni ya mabilioni kabla ya kuanza kuona mgongano.

Salma: Hapo kwenye baiti 16 nina neno. Nimeona misimbo ambapo mtu anatengeneza baiti 16, anazigeuza kuwa heksadesimali, halafu anakata herufi 16 za mwanzo kwa sababu aliambiwa "kumi na sita".

Daudi: Ee. Kila herufi ya heksadesimali inabeba biti 4. Herufi 16 ni biti 64, nusu ya alichokusudia. Hapati hasara kubwa kwa chumvi. Akifanya hivyo kwa ufunguo, nitagomba.

Salma: Funguo tutafika. Kwanza nieleze kisa cha kuhamisha watumiaji, ulichonigusia kabla hatujaanza kurekodi.

Daudi: Tuchukue timu yoyote inayohama kutoka mfumo wa zamani kwenda bcrypt, kanuni ya kupiga heshi iliyoundwa kwa ajili ya nywila. Wanaandika hati ya kuhamisha: inasoma watumiaji laki moja, inapiga heshi, inaandika kwenye jedwali jipya. Hati inaenda taratibu, kwa sababu bcrypt ni ya taratibu kwa makusudi. Mmoja anatafuta pa kupunguza, anaona mstari wa kutengeneza chumvi umo ndani ya kitanzi, anautoa nje. Nina toleo lake hapa kwenye skrini:

```python
chumvi = bcrypt.gensalt()
for m in watumiaji:
    m.heshi = bcrypt.hashpw(m.siri, chumvi)
```

Salma: Mstari mmoja umepanda juu.

Daudi: Na watumiaji laki moja wana chumvi moja. Ni ndefu, baiti 16 kamili, imetoka kwenye chanzo bora cha nasibu, na haina faida tena. Na hakuokoa muda wowote: `gensalt` ni nyepesi, uzito wote uko kwenye `hashpw`.

Salma: Wakikagua, wanaona nini?

Daudi: Kwa mtumiaji mmoja mmoja, hawaoni kitu. Heshi ya bcrypt inaanza na `$2b$12$`, zinafuata herufi 22 za chumvi, kisha herufi 31 za heshi. Ukitazama safu moja, ni nzuri tu. Lazima uzitazame zote pamoja:

```sql
SELECT SUBSTR(heshi, 8, 22) AS chumvi, COUNT(*)
FROM watumiaji
GROUP BY SUBSTR(heshi, 8, 22) HAVING COUNT(*) > 1;
```

Chumvi za baiti 16 zikiwa za nasibu kweli, swali hili linarudi tupu. Likirudisha safu hata moja, usijiambie ni bahati mbaya. Kuna msimbo mahali unaozirudia.

Salma: Na mbali na kitanzi, hurudiwa vipi?

Daudi: Kuna wanaotumia saa ya mfumo kwa sekunde: ukisajili watu wengi kwa pamoja, wote wa sekunde moja wanafanana. Wapo wanaotumia jina la mtumiaji. Hilo halijirudii ndani ya tovuti moja, lakini `admin` yupo kila mahali, kwa hiyo mtu anaandaa jedwali la `admin` mara moja na kulitumia kokote. Na wengine hubakiza chumvi ile ile mtumiaji anapobadilisha nywila. Mwenye nakala ya zamani na mpya anapiga heshi mara moja na kuilinganisha na zote mbili.

Salma: Sasa funguo. Kuna wanaoongeza ufunguo wa siri juu ya chumvi.

Daudi: Huo ni mnyama mwingine. Ufunguo ni mmoja kwa mfumo mzima, ni siri, na haukai kwenye kanzidata. Unakaa kwenye hifadhi ya siri au kifaa cha kutunzia funguo. Unapitisha heshi kwenye HMAC, yaani heshi inayopigwa pamoja na ufunguo, kwa ufunguo huo, au unaisimba. Aliyeiba jedwali pekee hana pa kuanzia kukisia. Akiiba na seva ya programu, ulinzi huo umekwisha, unabaki na chumvi na uzito wa heshi.

Salma: Na hapa nasibu inatakiwa kuwa kali zaidi.

Daudi: Kali kabisa. Chumvi ikitabirika kidogo, umepoteza kidogo. Ufunguo ukitabirika, hauna ufunguo. Watengenezaji wa mfumo endeshi wa Debian walionja hili: badiliko dogo la mwaka 2006 kwenye OpenSSL yao, maktaba ya usimbaji, liliacha namba ya mchakato kuwa karibu chanzo pekee cha nasibu, na namba hizo zilikuwa 32,768. Funguo zilikuwa ndefu za kuheshimika, lakini kwa kila aina ya mashine na kila urefu wa ufunguo ungeweza kuziorodhesha zote. Iligunduliwa mwaka 2008.

Salma: Kwa hiyo urefu unaouona kwenye skrini hausemi nasibu imetoka wapi.

Daudi: Hausemi. Kwenye Python, moduli ya `random` ni ya michezo na takwimu. Mtu akiona matokeo yake 624 ya biti 32 mfululizo, anaweza kukokotoa yote yanayofuata. Tumia `secrets`, inayochota kwenye mfumo endeshi:

```python
chumvi = secrets.token_bytes(16)
ufunguo = secrets.token_bytes(32)
```

Mstari wa chumvi hata huuhitaji kama maktaba yako inatengeneza yenyewe. PHP walichoka kuwabembeleza watu: `password_hash` iliruhusu kujiwekea chumvi, toleo la 7.0 likaanza kuonya, na 8.0 likaipuuza kabisa. Naona walifanya vizuri.

Salma: Ile timu yenye chumvi moja inatokaje?

Daudi: Haiwezi kubadilisha chumvi tu, kwa sababu nywila hawana. Wenye kuingia ni rahisi: mtu akiandika nywila yake, unaihakiki kwa heshi ya zamani, unaipiga upya kwa chumvi mpya, unafuta ya zamani. Tatizo ni wasioingia kwa miezi.

Salma: Unawalazimisha kubadilisha?

Daudi: Unaweza, lakini heshi zao mbovu zinabaki pale wakisubiriwa. Bora kuifunika: chukua heshi ya zamani yenyewe kana kwamba ndiyo nywila, ipige kwa Argon2id, kanuni nyingine ya heshi za nywila, kwa chumvi mpya ya kila mtu, hifadhi tokeo, futa ya zamani. Chumvi ile ya pamoja unabaki nayo, maana utaihitaji kuhakiki. Wakiingia, ndipo unawahamisha moja kwa moja.

Salma: Kwa nini Argon2id na si bcrypt tena?

Daudi: bcrypt inasoma baiti 72 tu, na matoleo mengine hukata panapokutana na baiti ya sifuri. Ukiilisha heshi ghafi yenye sifuri mwanzoni, umejitengenezea kasoro mpya ukitibu ya zamani. Ukilazimika kuitumia, igeuze kwanza kuwa maandishi.

Salma: Na nakala za chelezo?

Daudi: Hizo watu huzisahau. Jedwali limesafishwa, lakini chelezo ya mwezi uliopita bado ina heshi laki moja za chumvi moja. Pangeni tarehe ya kuzifuta, na mpaka hapo zihesabuni kuwa ni jedwali bovu lile lile.

Salma: Wenye maswali tutumieni. Kaka Daudi, tukutane kipindi kijacho kwenye uzito wa Argon2id.

Daudi: Tukijaliwa.