Pikseli Zisizokuwepo: Kinachotokea Ukikuza Picha Ndogo

(Mhadhara kwa wapiga picha na wenye studio, Mombasa)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Sina utangulizi mrefu. Kila mwenye studio aliyeketi hapa, awe wa Digo Road au wa Kongowea, ameshaletewa ombi la aina hii: gari limemkwaruza mtu kwenye foleni ya feri Likoni, likaondoka, na mwenyewe akawahi kulipiga picha kwa mbali kwa simu. Picha imeshapita WhatsApp mara mbili tatu. Sasa anataka umvutie ile namba ya gari hadi isomeke. Ukimwambia haiwezekani anakushangaa: si una kompyuta?

Tutakuja kwenye hiyo namba. Kwanza tuangalie picha inavyopunguzwa, kwa sababu jambo lenyewe linaharibikia huko, si kwenye kukuza.

Chukua mstari wa pikseli nne za kijivu. Kila pikseli ni namba tu, kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 255, nyeupe kabisa. Tuseme zetu ni 0, 200, 0, 200: mistari myembamba ya giza na mwanga ikipokezana. Ukiipunguza picha hiyo nusu, njia rahisi kuliko zote ni kuchukua pikseli mbili mbili na kuandika wastani wake. Wastani wa 0 na 200 ni 100. Zile mbili nyingine, 100 tena. Picha ndogo ni 100, 100. Mistari haipo, kimebaki kijivu kitupu.

Sasa chukua picha nyingine, 200, 0, 200, 0. Nayo inatoka 100, 100. Chukua ya tatu, ukuta usio na mstari wowote: 100, 100, 100, 100. Vile vile. Nikikwambia abiria wawili wa tuktuk wana shilingi 200 kwa jumla, huwezi kunijibu kila mmoja ana ngapi, hata uwe hodari wa hesabu vipi. Majibu ya namba nzima ni 201: sufuri na 200, moja na 199, na kuendelea. Kwa pikseli zetu nne ni 201 mara 201, yaani picha 40,401 tofauti zinazoishia kwenye 100, 100 ile ile. Na huo ni mstari mmoja, bila rangi, uliopunguzwa upande mmoja tu.

Kwa hiyo mtu akikuletea 100, 100 na kukuomba umrudishie pikseli nne, anakuomba uchague moja kati ya hizo 40,401. Kilichokuwa kinaonyesha ipi ndiyo ya kweli hakikujificha ndani ya faili. Kimefutwa.

Programu ya kawaida ya kukuza inafanya nini basi? Inajaza nafasi. Tuwe na pikseli mbili zilizo jirani, 40 na 200, na tuzikuze mara nne. Njia ya kwanza inarudia kila namba: 40 mara nne, halafu 200 mara nne. Ndiyo ile picha ya vigae inayowaudhi wateja, lakini mimi naiheshimu, kwa sababu haijasema lolote ambalo haikulijua. Njia ya pili inapanda taratibu kutoka jirani mmoja hadi mwingine: 40, 40, 60, 100, 140, 180, 200, 200. Ukingo uliokuwa mkali sasa ni mteremko, na jicho linauona kama ukungu. Angalia hizo 60, 100, 140 na 180. Hakuna lenzi iliyoziona. Ni mgawanyo wa tofauti ya 160 kati ya majirani wawili, na mtoto wa darasa la saba angeweza kuzipiga kwa kalamu.

Njia ya tatu ndiyo mnayoikuta kwenye Photoshop kwa jina la Bicubic. Hesabu yake inayotajwa sana ilichapishwa na Robert Keys mwaka 1981. Inatazama majirani wanne badala ya wawili, na kwenye ukingo inavuka mpaka kidogo. Upande wa 40 inashuka hadi kama 28, na upande wa 200 inapanda hadi kama 212. Kushuka na kupanda huko kunalifanya jicho lione ukingo mkali zaidi. Ukizidisha, ndipo unapoona utepe mweupe umemzunguka bibi harusi kwenye mabega. Utepe huo haukuwa kwenye nguo wala kwenye taa zako.

Sasa turudi Likoni. Tuseme kibao cha namba kina upana wa pikseli 32 kwenye picha. Namba zetu zina herufi tatu, nafasi, tarakimu tatu na herufi moja ya mwisho, kwa hiyo kila alama inapata pikseli nne hivi za upana. Kinachotofautisha 8 na 3 ni vipande viwili vya wino upande wa kushoto, na kila kimoja ni chembamba kuliko pikseli moja. Ndani ya picha, tofauti yote ya 8 na 3 ni pikseli moja au mbili kuwa na giza kidogo zaidi. Halafu picha imebanwa kwa JPEG, na JPEG hukata picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane na kutupa mabadiliko madogo ndani ya kila mraba. Hiyo "giza kidogo zaidi" ndiyo aina hasa ya kitu kinachotupwa, na mchafuko unaobaki unaweza kuizidi kwa ukubwa.

Mtu hapo nyuma atasema: lakini hata mimi nikitazama naweza kukisia. Ni kweli, na tuangalie unakisia kwa kutumia nini. Alama iliyo katikati ikionekana kama 8 au B, unaitupa B mara moja, kwa sababu unajua katikati ya namba za Kenya hukaa tarakimu. Ujuzi huo ni halali, lakini hukuutoa kwenye picha. Umeuleta kichwani mwako.

Programu za akili mnemba za kukuza picha zinafanya hivyo hivyo, ila kwa ukubwa wa kutisha. Zimefunzwa kwa picha nyingi mno, kubwa na ndogo zake, hadi zikajua nyusi kwa kawaida hukaaje, na matofali, na majani ya mnazi. Ukizipa madoa yanayofanana na jicho zinakuchorea jicho. Linapendeza, lina kope. Ila kope hizo ni za watu wengine.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu inayoitwa PULSE. Ilipokea sura ya pikseli 16 kwa 16, yaani pikseli 256, na kutoa sura ya 1024 kwa 1024, zaidi ya milioni moja. Kila pikseli iliyoingia ilizaa 4,096. Namna yake ya kufanya kazi inaendana kabisa na mahesabu tuliyopiga: inatafuta, miongoni mwa sura ambazo kompyuta inaweza kuzibuni, ile ambayo ukiipunguza inarudi kuwa madoa yale yale uliyoiletea. Watu wakaipa picha ya Barack Obama iliyofanywa madoa. Kwa macho yetu huku, hata ikiwa madoa, unamtambua. Programu ikatoa mzungu.

Wengi walicheka, wengine wakakasirika, na wote walikuwa na sababu. Sura zilizobuniwa zilielemea upande mmoja, kwa sababu picha zilizotumika kuifunza mashine zilielemea huko. Lakini kwa kazi yetu naomba mtazame jambo lingine. Yule mzungu, ukimpunguza, alikuwa anarudi karibu kabisa kwenye madoa ya Obama. Kwa kipimo chake programu ilifaulu. Kumbe picha kubwa kulingana na ile ndogo si ushahidi, kwa sababu zile 40,401 zote zinalingana. Anayekuambia "nimeikuza, nikaipunguza tena, ikawa sawa, kwa hiyo namba ni 8" hajathibitisha kitu. Ile ya 3 nayo ingekuwa sawa.

Mahakama zimeanza kulielewa hili. Mwaka 2024 jaji wa King County, jimbo la Washington, alikataa video ya simu iliyokuzwa kwa akili mnemba isitumike katika kesi ya mauaji. Mteja wako akitaka namba kwa ajili ya polisi, mpe faili kama ilivyo, na umwambie atafute picha ya kwanza, ile iliyo kwenye simu iliyopiga, kabla ya WhatsApp. Hiyo inaweza kuwa na upana wa pikseli 4,000 wakati uliyonayo ina 1,600, na zile za ziada zilitoka kwenye lenzi.

Kuna swali nimeandikiwa hapa: mbona simu mpya zinavuta kitu cha mbali na maandishi yanasomeka? Swali zuri, na jibu halipingi niliyosema. Baadhi ya simu zinapiga picha kadhaa mfululizo kwa mara moja. Mkono wako unatetemeka kidogo, kwa hiyo kila picha imesogea kwa sehemu ya pikseli, na ukingo ule ule umepimwa mahali tofauti kidogo kila mara. Hapo mna vipimo vingi vya kweli vya kuunganishwa. Ukiwa na video ya lile gari, afadhali video kuliko picha moja, mradi haijabanwa hadi ikafa. Nayo ina mwisho wake: lenzi ikishatia ukungu, kuongeza picha kunasaidia kidogo tu.

Mwisho, jinsi ya kumshika anayekuletea faili "kubwa" iliyokuzwa. Fungua picha, tengeneza nakala, ipunguze nusu kisha uirudishe ukubwa wa awali. Iweke juu ya ile ya kwanza na uchague Difference, inayoonyesha tofauti ya picha hizo mbili tu. Picha yenye undani wa kweli itaacha mistari: nywele, nyuzi za kanga, maandishi madogo. Ikibaki nyeusi karibu yote, basi nusu ya upana wake ilikuwa hewa. Haikuambii kama ilikuzwa au lenzi ilikuwa mbovu, lakini kwa kuchapisha matokeo ni mamoja. Na akili mnemba inaudanganya mtihani huu, maana kope zake za kubuni zinaacha mistari kama za kweli.

Kwa bei mnayomtajia mteja, hesabu pikseli za kweli. Picha ya pikseli 600 ni inchi mbili kwa kiwango cha 300 kwa inchi, au inchi nne kwa 150, na hiyo ya pili kwa picha ya ukutani inatosha. Akitaka bango la mlangoni, likuze kwa njia ya kawaida bila wasiwasi, kwa sababu litatazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Akitaka kulisogelea asome, mpe karatasi ndogo.