Siku nne zinatoka wapi? Mhadhara kwa wafasiri wa kujitegemea

Wafasiri wenzangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie tangazo la kutafuta wateja LinkedIn. Nitachukua la mfasiri wa aina moja tu, anayefasiri fomu za ridhaa za utafiti wa afya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili.

LinkedIn huonyesha mistari michache ya kwanza, mengine yanafichwa mpaka msomaji abofye. Ukianza na "mimi ni mfasiri mwenye uzoefu wa fani zote", mratibu wa utafiti anapita. Anza hivi: "Nafasiri fomu za ridhaa na madodoso ya afya kwa Kiswahili cha Tanzania. Maneno 3,600, siku nne za kazi." Mratibu akiwa Ulaya, tangazo lenyewe liandike kwa Kiingereza.

Hizo siku nne lazima uweze kuzitetea. Chukua maneno 1,800 kwa siku: fomu inakwisha kwa siku mbili. Siku ya tatu unaipitia mwenyewe ukilinganisha na matini chanzi, hasa vipimo vya dawa, tarehe na namba za simu. Ya nne ni ya msomaji wa pili. Anayeahidi kesho asubuhi amefuta siku mbili za mwisho, na hapo ndipo miligramu 50 inapopita ikiwa 500. Ongeza pia kwamba hesabu inaanza siku unayopokea toleo la mwisho. Fomu hizi hubadilika kila kamati ya maadili inapotoa maoni, na bila sentensi hiyo utafanya kazi mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Sasa sampuli, na hapa naomba tukae kidogo. Usiweke kazi ya mteja, hata ukifuta majina. Jina la dawa na wilaya vinatosha kuutambulisha utafiti. Tunga kifungu chako mwenyewe, ukifasiri, kwa mfano: "Kushiriki ni hiari yako. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na utaendelea kupata matibabu yako ya kawaida hapa kituoni." Sentensi fupi, zinazoeleweka zikisomwa kwa sauti, kwa sababu mshiriki asiyejua kusoma atasomewa mbele ya shahidi.

Lakini mratibu asiyejua Kiswahili atapimaje? Mpe jedwali la safu tatu: matini chanzi, tafsiri yako, kisha tafsiri ya kurudisha Kiingereza iliyofanywa na mwenzako ambaye hajaiona safu ya kwanza. Kama neno "kawaida" limepotea njiani, litaonekana hapo, na maana yake mgonjwa anaahidiwa matibabu yasiyokuwepo. Rekebisha kwanza, ndipo ubandike. Kifungu kimoja kinatosha. Mratibu anakisoma palepale kwenye simu, na chini yake uweke bei kwa neno na njia ya kukupata.