Mali Isipotosha Wosia: Nani Hupunguziwa Kwanza

Habari za jioni, ndugu zangu. Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya wosia kwa jumla. Nimemwomba ruhusa nichague jambo moja tu, kwa kuwa ndilo linalogombanisha familia nyingi ninazokutana nazo. Marehemu ameandika zawadi zake vizuri, kila mtu amesikia jina lake likisomwa, halafu hesabu inapopigwa mali haitoshi. Nani apunguziwe?

Watu hudhani kuna majibu mawili. Ama kila mmoja akatwe sawa, ama aliyetajwa mwanzo alipwe mwanzo. Sheria haifuati hata moja kati ya hayo. Inaangalia aina ya zawadi.

Kanuni yenyewe ilitufikia kupitia Sheria ya Mirathi ya India ya 1865, iliyobeba mawazo ya mahakama za Uingereza. Uganda iliifuata ilipotunga sheria yake ya mirathi mwaka 1906. Sisi Kenya tuliitumia mpaka sheria yetu ya mwaka 1972 ilipoanza kufanya kazi, tarehe 1 Julai 1981.

Tuchukue mfano, nimeutunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Mama mmoja mjane ameacha wosia. Shamba lake la Kilifi, lenye thamani ya shilingi 2,000,000, amempa binti yake. Mjukuu amepewa shilingi 400,000, "zilipwe kutoka akaunti yangu ya akiba." Kaka yake amepewa 600,000, kanisa 300,000, na dada aliyemuuguza 300,000. Mwishoni ameandika: "Chochote kitakachobaki ni cha mwanangu wa kiume."

Mama anafariki. Kwenye akaunti ya akiba mnakutwa 300,000 tu. Fedha nyingine, gari na ng'ombe vikiuzwa, jumla ni 1,700,000. Halafu zinakuja bili: hospitali, mazishi, gharama za kesi ya mirathi, na watu aliowakopa. Zote pamoja 1,050,000.

Madeni na gharama hutangulia, hilo halina mjadala. Zawadi ni ukarimu wa marehemu, na mtu hawezi kuwa mkarimu kwa fedha za anayemdai. Basi 1,700,000 toa 1,050,000, mkononi mnabaki 650,000.

Wa kwanza kuumia ni mwana wa kiume. Hili huwashangaza watu, maana mara nyingi huyo ndiye marehemu alimpenda zaidi, akamwachia "vyote vilivyobaki" akiamini ndilo fungu nono. Lakini kilichobaki ni kile kinachobaki baada ya wengine kupata, na kama hakikubaki kitu, hana anachoweza kudai chini ya wosia ule. Hapa Kenya anaweza kwenda mahakamani chini ya kifungu cha 26 cha sheria yetu ile ya 1972 kuomba atengewe fungu kama mtegemezi, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Wanaofuata ni wale waliopewa kiasi cha fedha bila kuelezwa zitoke wapi: kaka, kanisa na yule dada muuguzi. Hawa wako kwenye ngazi moja, na hupunguzwa kwa uwiano, si kwa kiasi sawa.

Mjukuu yuko katikati, naomba mnisikilize vizuri hapa. Zawadi yake ni ya fedha, lakini imeonyeshwa chemchemi yake. Kwa hiyo zile 300,000 zilizomo kwenye akaunti anazichukua zote, hakuna wa kugawana naye. Zilizopungua, 100,000, anaingia nazo kwenye foleni ya fedha pamoja na wengine.

Sasa foleni ile inadai 600,000, na 300,000, na 300,000, na 100,000. Jumla 1,300,000. Tulizo nazo ni 650,000, yaani nusu kamili. Kaka anapata 300,000, kanisa 150,000, dada 150,000, na mjukuu 50,000 juu ya zile 300,000 zake. Binti anachukua shamba zima, halijaguswa hata kipande.

Najua kaka atasema si haki, binti ana shamba la milioni mbili na yeye amekatwa nusu. Fikra ya sheria ni kwamba mama alipolitaja shamba lile, alilitenga na mfuko wake. Alipotaja fedha tupu, alikuwa anaukisia mfuko, na makisio yakikosea ndiyo yanayorekebishwa.

Je, madeni yangekuwa makubwa zaidi, tuseme 2,160,000? Ile 1,700,000 ingeisha yote. Kaka, kanisa na dada wasingepata hata senti, na bado lingebaki deni la 460,000. Hapo ndipo zawadi za vitu vyenyewe huguswa. Shamba na akaunti kwa pamoja ni 2,300,000, na deni ni sehemu ya tano yake. Shamba linabeba 400,000, akaunti inabeba 60,000. Binti si lazima auze shamba. Akitafuta hizo 400,000 akazilipa, anabaki nalo.

Watunzi wa sheria ya India waliweka mfano wao ndani ya kifungu: mmoja kapewa pete ya almasi ya rupia 500, mwingine farasi wa rupia 1,000, na baada ya madeni zimebaki rupia 1,000 tu. Wa pete apewe rupia 333, pamoja na ana 5 na pai 4, sarafu ndogo za rupia za wakati ule, na wa farasi apewe rupia 666, ana 10 na pai 8. Waligawa mpaka pai ya mwisho, na mimi nawapenda kwa hilo.

Kuna kosa ambalo huharibu hesabu hii yote. Shamba likiwa limewekwa rehani benki, watu hulichanganya deni lile na madeni mengine, wakamlipisha kaka na kanisa. Chini ya kanuni hii, aliyepewa kitu chenye rehani hukipokea na rehani yake, isipokuwa wosia useme vingine. Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu, fanyeni upekuzi wa hati ya shamba kwenye ofisi ya ardhi.

Kosa lingine ni la wasimamizi wa mirathi. Msimamizi anamlipa kaka mapema kwa sababu anapiga simu kila siku, kisha bili zinaibuka. Hana ruhusa ya kumpendelea mmoja wa ngazi ile, wala kujilipa yeye kwanza kama naye ametajwa. Na chini ya sheria ile ya 1865, akishalipa kwa hiari yake bila amri ya mahakama, yeye mwenyewe hawezi kumdai aliyelipwa arudishe.

Mzee pale nyuma ameuliza kuhusu Waislamu. Kwao mizani ni nyingine. Wasia hauvuki thuluthi ya mali baada ya madeni, warithi wasiporidhia. Ukivuka, kwa Sunni wote waliousiwa hupunguzwa kwa uwiano ndani ya thuluthi; kwa Shia Ithnaashari aliyetangulia kutajwa hutangulia kupewa, mpaka thuluthi iishe.

Na mama pale mbele ameuliza kama anaweza kumlinda aliyemuuguza. Anaweza, lakini kumtaja mwanzo hakutoshi, wala kuandika "kwanza". Aandike waziwazi: "Zawadi hii ilipwe kamili kabla ya zawadi nyingine zote za fedha, hata kama nyingine zitapungua au kukosekana." Katika mfano wetu, dada angechukua 300,000 zake kamili, na zile 350,000 zingegawanywa kwa kaka, kanisa na mjukuu, waliokuwa wakidai 1,000,000. Kaka angeshuka hadi 210,000, kanisa 105,000, mjukuu 35,000.