Picha ya hesabu imecheza: tarakimu ipi ina utata kweli na ipi macho yanakuzingua tu

Haya wadau karibuni, leo tuko na picha moja tu na tutakaa nayo mpaka tuimalize. Ni picha ya daftari, kijana wa kidato cha pili kafanya kwadratiki kwa fomula, kapiga na simu usiku taa hafifu, katuma wasapu, na kama mnavyoona kwenye skrini picha imecheza. Mistari sita. Ukiiangalia haraka unasoma yote, ukirudi mara ya pili unaanza kujiuliza hii ni moja au saba, hii tatu au nane. Lengo letu sio kubahatisha vizuri, lengo ni mwisho wa video tuseme tarakimu hizi nina uhakika nazo na kwa sababu gani, na hizi hapa sina.

Kabla hujazumu, usiitie filta. Najua mtu wa kwanza anakimbilia zile app za kuskani zinazogeuza karatasi kuwa nyeupe pee na wino mweusi tii. Tatizo ni kwamba sehemu yenye ukungu ni ya kijivu, na ile app inalazimika kuamua hii kijivu iwe nyeusi au nyeupe, kwa hiyo inakuamulia wewe, alafu unabaki na nane safi kabisa ambayo haikuwepo. Utata umefichwa, haujaisha. Fanya kazi na picha ileile iliyotumwa, na kama aliyetuma bado anayo kwenye simu mwambie aitume kama dokumenti sio kama picha, maana ikitumwa kama picha wasapu inaibana na maelezo madogo madogo yanapotea.

Sasa angalia imecheza kuelekea wapi, hii ndiyo sehemu watu wengi wanairuka na ndiyo inayokuambia uogope tarakimu zipi. Tafuta alama ya sawasawa. Vile vistari viwili vya = vikiwa vimeungana kimekuwa kistari kimoja kinene, simu ilicheza juu na chini. Vikiwa viwili vimeachana vizuri, angalia alama ya kujumlisha. Hapa kwetu, mnaona, = iko safi ila ule mkono wa wima wa + umetanuka na umefifia, ule wa ulalo uko vizuri. Maana yake simu ilienda kushoto na kulia. Na mkono ukienda kushoto kulia, mistari ya ulalo inapona, ya wima ndiyo inaumia.

Kwa hiyo kwenye picha hii saba na moja sio kesi ngumu sana, kwa sababu kinachozitofautisha ni kile kistari cha juu cha saba, na ni cha ulalo, kimepona. Tatu na nane ndiyo balaa. Nane ni tatu iliyozibwa upande wa kushoto, na ule upande wa kushoto ndio uliofutika. Nne na tisa nazo vilevile, ile nafasi iliyo wazi juu ya nne iko katikati ya miti miwili ya wima, miti ikitanuka inaziba nafasi, nne inakuwa kama tisa. (Ingekuwa imecheza juu na chini ningewaambia kinyume chake kabisa, hapo saba inapoteza kofia yake na inageuka moja. Na kama fokasi tu ndiyo haikushika, kila kitu kinavimba pande zote na matundu ya sita, nane na sifuri yanaziba, hiyo ni habari nyingine.)

Haya tunaandika. Sheria ni moja, andika unachokiona sio unachojua kinatakiwa kuwepo. Penye shaka weka mabano ya mraba na tarakimu zote zinazowezekana, ile unayoiamini zaidi itangulie. Pasipoonekana kabisa weka alama ya kuuliza. Usipige hesabu yoyote saa hizi, hata kichwani, najua inauma. Mimi nimepata hivi:

```
Swali la [3/8]
3x² - 1[7/1]x + 10 = 0
b² - 4ac = 2?9 - 120 = 16[9/4]
x = (1[7/1] ± 1[3/8]) / 6
x = 30/6 = 5
x = [4/9]/6 = 2/[3/8]
```

Sehemu nane zina shaka. Nyingi eeh? Zitapungua, ila zipungue kwa ushahidi.

Tuanze na ile 17 au 11 ya mstari wa pili, na hapa nataka mtulie kidogo. Mtu anaweza kusema jaribu zote mbili, itakayotoa jibu zuri ndiyo yenyewe. Haya tujaribu. Ukiweka 17 unapata 289 kutoa 120, ni 169, kipeuo chake cha pili ni 13, majibu ni 5 na 2/3. Safi. Ukiweka 11 unapata 121 kutoa 120, ni 1, kipeuo chake ni 1, majibu ni 2 na 5/3. Safi vilevile! Kwa hiyo jibu zuri halijathibitisha kitu chochote, maswali yote mawili mwalimu yeyote angeweza kuyatunga.

Kinachoamua ni vitu viwili vingine. Cha kwanza ni wino wenyewe. Bahati nzuri hiyo tarakimu imekaa pembeni ya moja ambayo hatuna shaka nayo, imeandikwa na mkono uleule na imecheza kwa mchezo uleule. Zilinganishe hizo mbili. Zingekuwa 11 zingefanana, fimbo mbili nene kuanzia juu hadi chini. Hapa ya kwanza ina unene mmoja kote, ya pili ni pana juu na inakonda kushuka. Na usizumu mpaka uone vile vibox vya pikseli, rudisha nyuma, ikiwezekana shika simu mbali kidogo, umbo linaonekana vizuri zaidi likiwa dogo. Cha pili ni mstari unaofuata. Ingekuwa 11, baada ya alama ya sawasawa ya mwisho pangekuwa na tarakimu moja tu, 1. Hapa kuna tarakimu tatu, hata kama ya mwisho huioni unaona urefu wa wino. Basi ni 17, na hiyo tumeifunga.

Mstari wa nne sasa. Kuna 17 au 11, kuna 13 au 18. Chini yake kuna 30 iliyo wazi kabisa. Jumlisha zote: 17 na 13 ni 30, 17 na 18 ni 35, 11 na 13 ni 24, 11 na 18 ni 29. Moja tu ndiyo inafika 30. Zimefungwa mbili kwa mpigo.

Ile 16[9/4] iko katikati ya mashahidi, mbele yake kuna kutoa 120 na nyuma yake kuna 13, na 13 mara 13 ni 169. Ile ya alama ya kuuliza nayo, 169 ukirudishia 120 unapata 289, na 17 mara 17 ni 289 pia, kwa hiyo katikati ni 8. Hii sikuiona kwa macho hata kidogo, na ukiwa unaandikia mtu mwingine sema hivyo, kwamba hii nimeipata kwa hesabu, sio kwa kuisoma.

Nne au tisa ya mstari wa mwisho: 17 kutoa 13 ni 4. Ila ngoja, usifunge kwa hiyo tu, maana kijana anaweza kukosea kutoa. Angalia kinachofuata. Angeandika 9/6 angerahisisha ikawa 3/2, juu pangekuwa na tatu. Juu pana mbili, ile miguu yake bapa inaonekana, ni ya ulalo ile, imepona. Basi ni 4. Hapa napo kuna shahidi wa mbele na wa nyuma.

Sasa tumebaki na mbili. Asili ya jibu la mwisho, tatu au nane. Wengi mtasema aah, 4/6 ni 2/3, funga twende. Hapana. Hesabu inakuambia alichotakiwa kuandika, haikuambii alichoandika. Tarakimu nyingine zote zilikuwa na kitu baada yake kinachoonyesha yeye mwenyewe aliendelea na namba gani, hii haina, ni wino wa mwisho kwenye ukurasa. Ukiisoma 3 kwa sababu 3 ndiyo sahihi, umemsahihishia mtoto kabla hujamsahihisha, na kama alikosea kosa lake limefutwa na wewe. Inabaki na mabano yake. Na namba ya swali ndiyo haina shahidi hata mmoja, hakuna hesabu yoyote duniani itakayokuambia hili ni swali la tatu au la nane. Hata ukiwa na karatasi ya maswali na swali la nane ndilo lenye mlinganyo huu, unajua alichofanya, hujui alichoandika, maana watoto wanakosea kunakili kila siku.

```
Swali la [3/8]
3x² - 17x + 10 = 0
b² - 4ac = 289 - 120 = 169
x = (17 ± 13) / 6
x = 30/6 = 5
x = 4/6 = 2/[3/8]
```

Kutoka nane hadi mbili. Sasa hapa unamwandikia aliyetuma, na usimwandikie "picha haionekani tuma tena" maana atatuma nyingine iliyocheza vilevile. Mwambie sehemu yenyewe. Ila kama unasahihisha, usimuulize "chini ya mbili ni tatu au nane?", hapo umempa jibu mkononi, atakuambia tatu hata kama aliandika nane. Mimi nilimwandikia "Naomba nipigie picha mstari wa juu kabisa na mstari wa mwisho, kila mmoja peke yake, simu uiegemeze kwenye kitabu isicheze."

Akatuma baada ya dakika kama kumi. Hii hapa. Swali la 8, nane kabisa. Na chini ya ile mbili angalieni wenyewe, kuna nane iliyokatwa kwa kistari, na tatu ndogo imebanwa pembeni yake, vyote viwili vilikuwepo, ndiyo maana kwenye picha ya kwanza palikuwa pamejaa wino kuliko tatu ya kawaida.