Moto Unaoanzia Kwenye Matambara ya Mafuta

Mafundi wenzangu, wa mbao na wa cherehani, habari za jioni. Kabla hatujaanza, mama mmoja ameniuliza: moto unawakaje usiku, stima imezimwa na jiko limemwagiwa maji? Nitajibu hilo peke yake.

Karakana yangu iko Gikomba. Fundi wa nguo jirani hunipa vipande vya pamba, nami navitumia kupakia mbao mafuta ya linsidi. Jumamosi moja tulipaka meza sita. Kijana wangu alikusanya matambara kama ishirini, akayashindilia kwenye katoni yenye unga wa mbao, akaisukuma chini ya benchi. Tukafunga saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku mlinzi akanipigia: kuna harufu kali, kama mafuta ya kupikia yaliyoungua. Nilipofika, katoni ilikuwa baridi kwa juu. Nilipenyeza mkono katikati, nikauchomoa haraka. Tukaitoa nje na kuipasua. Ndani matambara yalikuwa meusi, na hewa ilipoyafikia yakawaka mbele ya macho yetu.

Maji hukauka kwa kupotea hewani, lakini linsidi haiko hivyo. Inavuta oksijeni na kugeuka ngozi ngumu, na kazi hiyo hutoa joto. Ikiwa juu ya meza, joto hutoka bila mtu kulihisi. Kwenye tambara, mafuta yametandazwa kwenye nyuzi nyingi, kwa hiyo yanavuta hewa kwa kasi. Ukiyafinyanga matambara pamoja, joto halina pa kutokea, na kadiri linavyopanda ndivyo mafuta yanavyozidi kufanya kazi. Linsidi iliyochemshwa ni hatari zaidi, maana imewekewa dawa ya kukausha haraka. Unga wa mbao wa pembeni hufunika joto kama blanketi, kisha huwa kuni.

Nawasihi, msikunje tambara. Litandaze nje, moja moja, kwenye waya au sakafu ya simiti, mbali na jua kali na maranda, mpaka likakamae. Kama huna nafasi, lizamishe kwenye mkebe wa bati wenye maji, ufunike. Mfuko wa plastiki haufai.

Ukisikia ile harufu, au rundo likiwa na joto, usilifungue ndani kama nilivyokaribia kufanya mimi. Limwagie maji mengi kwanza, kisha litoe kwa sepeto.

Tina, ile ya kuzimulia rangi, ni habari nyingine. Yenyewe haijichemshi, ila mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la gundi au pasi ya mkaa ya jirani. Kwa hiyo siku ya kupaka, mwambie jirani mapema asiwashe pasi yake.

Na wewe wa cherehani, unapompa seremala vipande, muulize jioni ameviweka wapi. Ukuta wenu ni wa mabati, na pamba yako ndiyo iko ndani ya katoni yake.